Sabuni ya Majivu: Nguvu Yake na Namna ya Kuipima

Sabuni hupatikana mafuta yanapovunjwa na alkali kali. Mafuta ya mawese ya Kigoma na mafuta ya nazi ya pwani yote yafaa kwa kazi hiyo. Alkali nayo yaweza kutoka kwenye majivu, hasa ya maganda ya ndizi na ya makumbi ya nazi, kwa sababu mimea hiyo huhifadhi potasiamu kwa wingi. Hata hivyo, mwanafunzi aliyechemsha maji ya majivu pamoja na mafuta mazuri ya nazi kwa saa nyingi mara nyingi huishia na sufuria yenye mafuta yanayoelea juu ya maji machafu. Makala hii yaeleza kwa nini huwa hivyo na namna ya kulitengeneza jambo hilo bila mtu kuumia.

Sababu ni kwamba maji ya majivu yana kabonati ya potasiamu, ambayo ni alkali dhaifu. Huungana kwa urahisi na tindikali za mafuta ambazo tayari zimejitenga, lakini haina nguvu ya kutosha kuyavunja mafuta yaliyo mazima. Mawese ya zamani yaliyoanza kuchacha yana tindikali nyingi zilizojitenga, na ndiyo maana hutoa sabuni kwa majivu matupu, ilhali mafuta safi hukataa. Magadi yana udhaifu uo huo.

Dawa yake ni chokaa iliyozimwa, ile ya unga inayouzwa kwa wajenzi. Chokaa huinyang'anya potasiamu kabonati yake na kuacha haidroksidi, ambayo ni alkali kali:

K2CO3 + Ca(OH)2 → 2KOH + CaCO3

Hapa ndipo hatari inapoanza, na yafaa tusimame kidogo kabla ya kuwasha moto. Maji haya mapya hula ngozi na yaweza kupofusha jicho kwa muda mfupi sana. Kazi ifanywe nje au mahali penye hewa, mbele ya mwalimu, na kila aliye karibu avae miwani ya kukinga macho, glavu za mpira, mikono mirefu na viatu vilivyofunika vidole. Chokaa hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya chokaa. Chokaa mbichi ambayo haijazimwa isitumiwe na wanafunzi kabisa, kwani hutoa joto la kutisha inapokutana na maji. Sufuria ya alumini nayo ni marufuku: alkali huila na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Tumia ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu. Wazee wengine waliujua ukali wa maji ya majivu kwa kuyagusa kwa ulimi. Desturi hiyo isiigwe. Maji yakimwagikia ngozi au jicho, osha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatiza, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Usitie siki jichoni. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Asukutue kinywa na akimbizwe hospitali. Wala alkali isihifadhiwe katika chupa ya soda, ambamo mtoto aweza kudhani ni kinywaji.

Sasa tuanze. Choma maganda makavu mpaka yawe majivu meupe au ya kijivu, bila plastiki wala taka nyingine, kisha uyachekeche. Loweka kilo 1 ya majivu katika lita 3 za maji ya mvua usiku kucha, uchuje kwa kitambaa. Kwa kila lita ya maji yaliyochujwa tia gramu 50 za chokaa, pasha moto polepole kwa nusu saa huku ukikoroga kwa mti, kisha acha yatulie hadi kesho yake na umimine maji maangavu ya juu. Chukua matone machache ya maji hayo katika neli ya majaribio, utie siki mpaka izidi. Vikitoka viputo vingi, kabonati ingalipo: huenda chokaa ni kidogo, au ni ya zamani iliyokwisha kuharibiwa na hewa.

Majivu hayalingani, kwa hiyo kipimo cha vijiko hakifai. Pima nguvu ya maji yako kwa siki ya asilimia 5. Weka mililita 10 za alkali katika chupa, tia matone 2 ya fenolftaleini, kisha ongeza siki taratibu mpaka rangi ya waridi ipotee. Kila mililita ya siki hulingana na gramu 0.047 za haidroksidi ya potasiamu. Tuseme zimetumika mililita 12. Basi katika mililita 10 zako mlikuwa na gramu 0.56, yaani gramu 56 katika lita.

Gramu 100 za mawese huhitaji takriban gramu 20 za alkali hiyo, na gramu 100 za mafuta ya nazi takriban 26. Sisi tutapunguza kidogo, kama sehemu 5 katika 100, ili yabaki mafuta machache kuliko ibaki alkali ya kuunguza ngozi. Kwa nguvu tuliyoipata, mawese yatapewa mililita 340 na nazi mililita 440. Pasha mafuta, tia alkali kwa mafungu, na chemsha kwa moto mdogo kwa saa 2 au 3. Sufuria isijazwe kupita theluthi moja, maana povu hupanda ghafula. Sabuni imeiva pale kijiko chake kikiyeyushwa katika maji ya mvua yenye moto hakiachi mafuta juu. Itakuwa laini kama uji mzito, kwa kuwa sabuni ya potasiamu haigandi kama mche. Iyeyushe kidogo katika maji na uipime kwa karatasi ya pH. Ikipita 10, isiguse ngozi.

Tukija kwenye kulinganisha, kosa la kawaida ni kupima kwa uzito sabuni zenye maji mengi. Kausha gramu 10 za kila sabuni kwa joto dogo mpaka uzito usipungue tena. Zikibaki gramu 4, basi kupata gramu 2 za sabuni yenyewe utahitaji gramu 5 za ile laini. Kata vipande vya kitambaa kimoja cheupe cha pamba, vipakwe matone sawa ya mafuta yaliyochanganywa na masizi, vikauke usiku mmoja. Kila kipande kioshwe ndani ya chupa yenye mililita 200 za maji na gramu 2 za sabuni kavu, kikitikiswa mara 50. Kipande kimoja kioshwe kwa maji matupu, na kingine kwa sabuni ya dukani. Rudia mara 3, kisha mwanafunzi asiyejua kipi ni kipi avipange kwa weupe.

Msihukumu kwa povu. Sabuni ya nazi hutoa povu upesi hata katika maji baridi, lakini ile ya mawese, ambayo huyeyuka kwa shida kwenye baridi, huonyesha uwezo wake maji yakiwa ya moto. Kwa hiyo fanyeni jaribio kwa joto la namna zote mbili. Jaribuni pia maji ya kisima cha pwani, ambayo kalsiamu yake huigeuza sehemu ya sabuni kuwa utando mweupe. Mwisho, tieni gramu 7 za chumvi katika mililita 200 za maji ya mvua, chumvi ikaribiane na ile ya bahari. Sabuni ya mawese itagandamana kama maziwa yaliyochacha, na ile ya nazi itaendelea kutoa povu; ndiyo maana mabaharia waliooga kwa maji ya bahari walipewa sabuni ya nazi.