Faida Milioni 7, Benki Haijaongezeka Hata Mia: Nani Kala?

Chukulia kikundi cha kubangua korosho kule Nachingwea, wateja wake wakiwa maduka ya Ruangwa. Mfano huu ni wa kutunga, ila kelele za mkutano wake wengi tunazijua. Mwaka umefungwa na faida ya milioni 7, na hakuna mgao uliotolewa. Benki mwanzoni ilikuwa milioni 4, na mwishoni ni milioni 4 zile zile. Wanachama wanamtazama mhazini.

Mizania mbili ziko hivi, kwa milioni za shilingi:

Fedha: 4, sasa 4
Wadaiwa: 6, sasa 9
Mashine kwa gharama: 30, sasa 34
Uchakavu limbikizi: 10, sasa 9
Wadai: 4, sasa 5
Mkopo: 6, sasa 6
Mtaji: 12, sasa 12
Faida limbikizi: 8, sasa 15

Uchakavu limbikizi umeshuka. Uchakavu wa mwaka hauwezi kuushusha, kwa hiyo kuna mashine imetoka. Mizania haisemi ni ipi, inabidi ufungue rejesta ya mali na stakabadhi ya mauzo. Humo tunakuta mashine iliyonunuliwa kwa 10, imeshachakaa 6, ikauzwa 5.5. Thamani yake kitabuni ilikuwa 4, faida ya kuiuza ni 1.5. Uchakavu wa mwaka unajitokeza wenyewe: 10 toa 6 ni 4, na ili ufike 9 unahitaji 5.

Sasa anza na faida 7. Rudisha uchakavu 5, maana hakuna aliyelipwa hizo hela. Kisha toa ile 1.5. Hapa ndipo wengi tunapopigwa kwenye mtihani: faida si nzuri, tunaitoa ya nini? Kwa sababu 5.5 yote itaingia chini, kwenye shughuli za uwekezaji, na 1.5 ni sehemu yake. Ukiiacha juu umeihesabu mara mbili. Wadaiwa wameongezeka 3, yaani korosho zimeondoka hela haijaja, toa. Wadai wameongezeka 1, jumlisha. Shughuli za uendeshaji zimeleta 8.5.

Kwenye uwekezaji, usiseme mashine zimetoka 30 hadi 34 basi tumenunua 4. Toa kwanza iliyouzwa: 30 toa 10 ni 20, hivyo zilizonunuliwa ni 14. Mauzo 5.5 toa 14 ni hasi 8.5. Mkopo na mtaji havijasogea. Jumla ni sifuri, sawasawa na benki.

Ikikataa kulingana, iangalie tofauti yenyewe. Ukizidi kwa 1.5, umesahau kutoa faida ya mauzo. Ukizidi kwa 10, umesahau gharama ya mashine iliyoondoka.

Mhazini basi hajala kitu. Hela ipo kwenye mashine mpya, na milioni 3 zaidi wanazo wenye maduka Ruangwa. Hao ndio wa kufuatwa.