Printa Isiyo na Lango

Printa iko ghorofa ya kwanza na inachapa vizuri kwa kila aliye ghorofa hiyo. Wa ghorofa ya pili wakituma kazi, kompyuta zao zinasubiri weee, kisha zinasema printa haipatikani. Hapo mafundi wengi huanza kubadilisha nyaya au kulaumu ruta, kumbe kinachokosekana ni anwani moja tu ndani ya printa yenyewe.

Tuseme anwani za ghorofa ya kwanza zinaanza na 192.168.10, na za ghorofa ya pili 192.168.20. Ruta imeunganishwa pande zote mbili: huku ni 192.168.10.1, kule ni 192.168.20.1. Printa ilipewa 192.168.10.50 kwa mkono, na `Subnet Mask` ya 255.255.255.0, lakini kisanduku cha `Default Gateway` kikaachwa kitupu.

Kabla ya kutuma chochote, kifaa hulinganisha anwani ya mpokeaji na yake. Kwa mpangilio huu, namba tatu za kwanza zikifanana, mpokeaji ni jirani, na data humwendea bila kupita kwenye ruta. Ndiyo maana ghorofa ya kwanza haina malalamiko. Zikitofautiana, data hukabidhiwa lango, yaani ruta, liifikishe mbele.

Sasa kompyuta yenye 192.168.20.15 inaita printa. Ombi linafika salama, kwa kuwa kompyuta ina lango lake na ruta inaijua njia. Printa inalipokea na kutaka kujibu, lakini 192.168.20.15 si jirani, na hakuna wa kukabidhiwa jibu. Jibu linafia palepale. Kwa aliyeita ni kimya tu, na kimya hicho hupoteza watu sana, maana kinaweza kufanana na cha kifaa kilichozimwa.

Kompyuta ikikosa lango, angalau yenyewe husema. Kwenye Linux utaona hivi:

```
$ ping 8.8.8.8
ping: connect: Network is unreachable
```

Hapo hakuna pakiti iliyotoka hata kufika kwenye waya. Andika `ip route`, usipoona mstari unaoanza na `default`, umepata chanzo.

Lango lenyewe lazima liwe jirani wa kifaa. Kuiwekea printa yetu 192.168.20.1 hakusaidii, hata kama ni ruta ileile, kwa sababu anwani hiyo iko ng'ambo na printa haiwezi kuifikia bila lango. Inayofaa ni 192.168.10.1. Wengi huipa ruta namba 1 au 254 mwishoni, lakini hayo ni mazoea, si sheria, kwa hiyo usikisie. Chukua kompyuta iliyo mtandao uleule na inayofanya kazi, angalia lango lake, kisha liandike kwenye printa. Halafu panda ghorofa ya pili ujaribu kuchapa ukiwa huko, kwa sababu jaribio la ghorofa ya kwanza halitakuonyesha kosa hili.