Betri Inayopumua: Kibandiko Kidogo na Uhai wa Kifaa cha Kusikia

Mgonjwa mmoja aliyepewa pakiti ya betri sita za kifaa cha kusaidia kusikia anaweza kurudi kliniki mapema akilalamika kwamba betri ni mbovu. Ya kwanza ilimtumikia vizuri, ya pili ikaisha mapema, na ya tatu haikuwaka kabisa. Akiulizwa, hueleza kwamba alibandua vibandiko vyote sita siku ile ile, ili asisumbuke baadaye. Hapo ndipo penye chanzo cha tatizo.

Betri hizi hutumia zinki na hewa. Ndani yake mna unga wa zinki uliolowana kwa myeyusho wa hidroksidi ya potasiamu. Kiambato cha pili, yaani oksijeni, hakimo ndani, bali huingia kutoka nje kupitia vitundu vidogo vilivyo upande chanya. Kwa kuwa oksijeni haihifadhiwi humo, karibu nafasi yote hujazwa zinki, na ndiyo sababu betri ndogo hivyo huweza kubeba umeme mwingi. Kibandiko huziba vitundu hivyo. Kikiwapo, betri hulala na inaweza kuhifadhiwa kwa miaka kadhaa.

Kibandiko kikibanduliwa, oksijeni huingia na volti hupanda hadi kufikia takriban 1.4. Kupanda huko huchukua muda, hivyo inafaa betri iachwe wazi kwa dakika moja hadi tano kabla ya kuwekwa kwenye kifaa.

Hata hivyo, mlango uliofunguliwa kwa oksijeni umefunguliwa pia kwa vingine. Penye hewa kavu, maji ya myeyusho hutoka polepole na betri hukauka. Penye unyevu mwingi, kama pwani wakati wa masika, maji huingia na kuijaza. Kabonidayoksaidi nayo huingia na kuugeuza myeyusho kuwa kaboneti. Yote haya huendelea hata kifaa kikiwa kimezimwa. Kurudisha kibandiko hakusaidii sana, kwa kuwa gundi yake haizibi tena kama mwanzo.

Tuchukue betri ya namba 13, yenye alama ya rangi ya chungwa na uwezo wa takriban miliampia-saa 300. Kifaa kinachotumia miliampia 1.5 kitafanya kazi kwa saa 200, yaani siku 16 hivi kikivaliwa saa 12 kwa siku. Kwa hesabu hiyo, betri ya sita ya mgonjwa wetu ingengoja siku 80 ikiwa wazi, ilhali betri iliyo wazi hudhoofika ndani ya wiki chache tu.

Basi mhudumu anayekabidhi pakiti na aonyeshe kwa vitendo: kibandue kibandiko kimoja, siku betri inapohitajika. Betri nyingine zibaki zimefunikwa, mahali pakavu penye joto la kawaida, wala si ndani ya jokofu, ambako unyevu huweza kutonea juu yake na kuziharibu.