Usibonyeze “Format” Kwanza

Dada mmoja mpiga picha za harusi aliniletea diski yake Jumatatu asubuhi, ameiviringisha kwenye kanga kama mtoto mchanga. Jumamosi usiku alikuwa anahamishia humo picha za sherehe ya mchana, umeme ukakatika. Laptopu haikuzimika, maana ina betri. Diski yenyewe ni ile kubwa ya kuweka mezani, ya terabaiti 2, inayokula umeme kwa adapta yake ukutani, kwa hiyo ilizimika palepale, katikati ya kuandika. Umeme uliporudi, Windows ikamletea ujumbe huu: `You need to format the disk in drive E: before you can use it.`

“Fundi, mle mna harusi za miaka minne,” akaniambia. “Nikubali?”

Nikamuuliza kama kuna chochote alichokwisha kubonyeza. Akasema hapana, aliogopa. Hofu ile ilimfaa kuliko ujuzi wa mafundi wengi ninaowafahamu.

Ujumbe ule umeandikwa kama vile kufomati ndiyo dawa, na hapo ndipo watu wanapopotea. Windows haisemi kwamba mafaili hayamo. Inasema tu kwamba imefika kwenye diski na haikuelewa ilichokikuta. Ukifungua programu ya Disk Management, palipokuwa na neno `NTFS` utakuta `RAW`. Maana yake ni kwamba mipaka ya patisheni inaonekana, lakini mpangilio wa mafaili ndani yake hausomeki. Ukikuta `Unallocated`, tatizo liko hatua moja nyuma: jedwali la patisheni lililo mwanzoni mwa diski ndilo lililopotea au kuharibika, na kompyuta haijui hata kiwanja kinaanzia wapi. Kwa wengine Disk Management huanza kwa kuomba idhini ya kuanzisha diski upya, yaani `Initialize`. Bonyeza `Cancel`. Ukikubali, itaandika jedwali jipya, tupu, juu ya lile unalotaka kuliokoa.

Kufomati ni kubaya zaidi. Diski ya NTFS ina daftari liitwalo `$MFT`, ambamo kila faili lina ukurasa wake: jina, ukubwa, na mahali vipande vyake vilipo. Kufomati kwa haraka hakufuti picha, lakini huandika daftari jipya, na kwa kawaida Windows huliweka mahali palepale lilipoanzia la zamani. Kurasa za mwanzo za daftari la zamani zinafunikwa. Ukiondoa alama ya `Quick Format`, ni msiba kamili: tangu Windows Vista, kufomati kwa kirefu huandika sifuri diski nzima. Na kama ni SSD, hata ule wa haraka unaweza kuiambia diski kwamba nafasi yote sasa ni tupu, nayo ikaanza kuisafisha kimya kimya.

Basi hatukufomati. Kabla ya kompyuta, niliichomeka diski kwenye umeme na kuisogeza sikioni. Ilizunguka kwa sauti moja, bila kugonga. Diski inayogonga tik-tik-tik na kuzimika ina vichwa vya kusomea vilivyoumia, na kila dakika ya kuiwasha vinaweza kukwaruza sahani. Hiyo izimwe, ipelekwe kwa wenye chumba kisicho na vumbi. Programu haitengenezi chuma.

Kisha nikatazama ukubwa wake. Diski ya terabaiti 2 huonekana kwenye Windows kama gigabaiti 1863 hivi, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1024. Ya dada yule ilionyesha 1863. Ingeonyesha 0, au gigabaiti chache, ningejua kwamba diski yenyewe haijitambui, na patisheni si mahali pa kuhangaikia.

Jambo moja sikulifanya, ingawa mafundi wengi hukimbilia hapo: sikuitoa diski kwenye kasha lake. Kadi ndogo iliyo ndani ya kasha si waya wa kupitishia tu. Baadhi huhesabu sekta kwa baiti 4096 wakati diski yenyewe inahesabu kwa 512, na nyingine husimba data bila mwenye diski kujua. Ukiitoa na kuichomeka moja kwa moja, diski nzima kabisa inaweza kuonekana `RAW` au `Unallocated`, na ukadhani ndiyo imekufa. Ruhusa niliyo nayo ni kubadili waya na adapta, kwani adapta iliyochoka huleta dalili hizihizi.

Nilitaka pia kompyuta isiiguse diski bila mimi kuiagiza. Kwa hiyo niliwasha mashine kwa Linux kutoka kwenye flashi, nikazima tabia yake ya kufungua diski yenyewe, nikauliza nani ni nani:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb
```

Amri ya kwanza huorodhesha diski zote pamoja na namba zao za kiwandani. Niliilinganisha na namba iliyobandikwa chini ya kasha, nikaiandika kwenye karatasi. Utaona baadaye kwa nini. Amri ya pili husoma kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea. Mistari miwili ndiyo iliyonihusu. `Reallocated_Sector_Ct`, sekta zilizokwisha kufa na kubadilishwa, ilisema 0. `Current_Pending_Sector`, sekta zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri hukumu, ilisema 8.

Nane ni namba ya kusimamisha mtu. Sekta nane za baiti 512 ni baiti 4096, yaani sekta moja halisi kwenye sahani za diski nyingi za leo. Nikaanza kushuku: kichwa kilikuwa katikati ya kuandika sekta hiyo umeme ulipokatika. Nusu mpya, nusu ya zamani, na tarakimu za kuhakiki hazikubaliani na chochote. Diski inaisoma, inakataa kuiamini, inarudisha kosa.

Kwa diski yenye sekta zisizosomeka, kujaribu kurekebisha juu ya diski ileile ni kamari. Nilimwomba dada anunue diski ya terabaiti 4. Aliguna, akaenda. Ukubwa huo ulihitajika kwa sababu nakala kamili ya diski huchukua terabaiti 2 nzima hata kama nusu yake ni tupu, na mafaili yatakayookolewa yanahitaji pa kukaa. Nikaifungua diski mpya kwenye `/mnt/nakala`, halafu:

```
sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/nakala/diski.img /mnt/nakala/diski.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/nakala/diski.img /mnt/nakala/diski.map
```

Mgonjwa anatajwa kwanza, nakala baadaye. Ukikosea ukaweka jina la diski ngonjwa mahali pa nakala, utakuwa umeandika juu ya kila kitu. Ndiyo maana ya ile karatasi. Mstari wa kwanza hukusanya vyote vinavyosomeka kwa urahisi na kuruka penye shida. Wa pili hurudi penye shida tu na kujaribu mara tatu. Faili la `.map` ndilo linalokumbuka nini kimeshasomwa, kwa hiyo hata umeme ukikatika tena (na siku ile nilikuwa na UPS, sikutaka kichekesho cha pili) unaanzia ulipoishia. Kwa kasi ya megabaiti 120 kwa sekunde, terabaiti 2 huchukua karibu saa tano. Tuliicha ikifanya kazi, tukaenda kula.

Tuliporudi, kila kitu kilikuwa kimesomwa isipokuwa baiti 4096. Sekta moja. Swali lilikuwa moja tu: sekta gani hiyo, hata izime diski nzima?

Sasa nilikuwa na uhuru wa kukosea, maana nilikuwa kwenye nakala. Nilifungua TestDisk, programu ya bure ya Christophe Grenier, kwa `sudo testdisk diski.img`. Nikaingia `Advanced`, nikachagua patisheni, kisha `Boot`. Sekta ya kwanza ya patisheni ya NTFS hueleza mpangilio wote, na nakala yake huwekwa mwisho kabisa wa patisheni. Kama ya kwanza ingekuwa `Bad` na ya mwisho `OK`, ningetumia `Backup BS` kuirudisha, na diski nyingi za `RAW` huponea hapo. Lakini hapa zote mbili zilikuwa `OK` na zilifanana. Nilipojaribu kuorodhesha mafaili, TestDisk ikagoma, ikasema mfumo wa mafaili unaonekana kuharibika.

Basi daftari ndilo lililoumia. Kila ukurasa wa `$MFT` kwa kawaida ni baiti 1024, na ukurasa wa kwanza kabisa unaeleza daftari lenyewe liko wapi. Unapohamisha maelfu ya picha, daftari hukua, na ukurasa huo wa kwanza huandikwa upya. Sekta moja ya baiti 4096 hubeba kurasa nne. Na waliobuni NTFS waliweka mahali pengine kwenye diski nakala ya kurasa nne hizohizo za mwanzo, iitwayo `$MFTMirr`. Kipande kilichopotea kilikuwa na pacha wake.

Nikachagua `Repair MFT`. TestDisk ikalinganisha viwili hivyo, ikaona kwamba `$MFT` ni mbovu na pacha wake ni mzima, ikauliza kama irekebishe kwa kutumia pacha. Nikajibu ndiyo, kwenye nakala, huku diski halisi ikiwa imechomolewa na imelala mezani. Orodha ya folda ikatokea, majina ya maharusi yakiwa vilevile. Dada akaketi chini.

Ingekuwa `Unallocated`, ningetumia TestDisk hiyohiyo: `Analyse`, kisha `Quick Search`, na kabla ya `Write` ningebonyeza `P` kuona kama majina ya mafaili yanasomeka kwenye patisheni iliyopatikana. Yasiposomeka, usiandike. Na pacha naye angekuwa amekufa, ingebaki PhotoRec, inayotambua picha kwa umbo la mwanzo wa faili. Ile hurudisha picha nyingi, lakini bila majina na bila folda, na kupanga harusi za miaka minne kwa kutazama sura za watu ni kazi ya mwezi.

Sikutumia `chkdsk` popote. Kwenye `RAW` hukataa yenyewe. Kwenye diski inayosomeka nusunusu hufanya kazi, na humo ndimo inamoumiza, kwani shabaha yake ni mfumo wa mafaili usiojipinga. Ukurasa usioeleweka inaweza kuufuta, au kuuacha kwenye folda ya `found.000` bila jina la maana.

Tulinakili folda zote kwenye ile diski mpya, tukafungua picha kadhaa za kila harusi kuhakikisha si maganda matupu. Zilizokosekana ni za Jumamosi ile, zilizokuwa bado njiani umeme ulipokatika, na hizo zilikuwa bado kwenye kadi ya kamera. Wiki iliyofuata, kwa idhini yake, niliandika sifuri diski ya zamani kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikasoma tena kumbukumbu ya afya. `Current_Pending_Sector` ilishuka hadi 0, na `Reallocated_Sector_Ct` ilibaki 0.