Jedwali la Mbolea na Swali Linalodai Hitimisho

Swali la jedwali ni swali la mtihani ambalo humpa mtahiniwa matokeo ya jaribio ambalo hakulifanya yeye, kisha humtaka aseme matokeo hayo yanaonyesha nini. Katika masomo ya sayansi na kilimo, jedwali la mimea iliyokuzwa kwa mbolea mbalimbali hutumika sana kwa sababu mahindi na samadi ni vitu ambavyo wanafunzi wengi wamevishika kwa mikono yao. Mazoea hayo ndiyo yanayolifanya swali liwe gumu kutunga. Mtoto wa mkulima anajua tayari kwamba mbolea hukuza mimea, na swali likiulizwa kwa ulegevu atajibu kwa ujuzi wa nyumbani bila hata kutazama tarakimu. Mtunzi anayeandika “Eleza umuhimu wa mbolea kwa mimea” chini ya jedwali zuri amelipoteza jedwali lake.

Kwa hiyo kazi huanzia mwishoni. Kabla ya kuchora mstari wowote, mtunzi huandika kwenye karatasi hitimisho analotaka mtahiniwa alifikie, na pembeni huandika hitimisho ambalo mtahiniwa mwenye pupa atalifikia ingawa tarakimu haziliungi mkono. Baada ya hapo hutafuta tarakimu zitakazoyatenganisha hayo mawili. Zikitoka kwenye jaribio halisi lililofanywa shuleni ni bora zaidi, kwa kuwa mimea halisi haipangiki vizuri kama mtu anavyotaka. Zikitungwa, lazima zifanane na kile ambacho udongo na mmea vinaweza kufanya. Jedwali lifuatalo limetungwa kwa ajili ya mfano, na litatumika hadi mwisho.

Juu ya jedwali huja maelezo mafupi. Miche 50 ya mahindi ya mbegu moja ilioteshwa, kila mche katika ndoo yake yenye kilo 5 za udongo uliochukuliwa sehemu moja. Ndoo zote ziliwekwa mahali pamoja na kumwagiliwa maji kiasi kilekile. Miche iligawanywa katika makundi matano ya miche 10, kila kundi likapewa mbolea yake, na urefu ukapimwa siku ya kuweka mbolea na tena baada ya wiki 6.

| Kilichowekwa katika kila ndoo | Wastani wa urefu mwanzoni (sm) | Wastani wa urefu baada ya wiki 6 (sm) | Mfupi kabisa hadi mrefu kabisa, wiki ya 6 (sm) |
|---|---|---|---|
| Hakuna mbolea | 12 | 41 | 36–47 |
| Samadi ya ng’ombe, gramu 200 | 12 | 58 | 51–66 |
| Samadi ya kuku, gramu 200 | 15 | 67 | 55–74 |
| Urea, gramu 2 | 12 | 66 | 60–71 |
| Urea, gramu 10 | 12 | 27 | 20–33 |

Kila sehemu ya jedwali hili imewekwa kwa makusudi. Mstari wa kwanza, wa ndoo zisizo na mbolea, ndio kipimo cha mistari mingine yote. Ukiondolewa, hakuna awezaye kusema kama samadi ilisaidia, maana huenda udongo wenyewe ungetosha kuifikisha miche sentimita 58. Huko Rothamsted, Uingereza, jaribio la ngano la shamba la Broadbalk limeendelea tangu 1843, na hadi leo lina kipande kisichowekwa mbolea yoyote kando ya kile cha samadi na vile vya mbolea za viwandani. Kipande hicho hutoa mavuno duni, lakini bila hicho mavuno ya vipande vingine yasingekuwa na cha kupimiwa.

Safu ya urefu wa mwanzoni ina mtego wa haki. Miche ya samadi ya kuku ilianza ikiwa na sentimita 15, mingine yote 12. Anayetazama urefu wa mwisho tu ataipa samadi ya kuku ushindi. Anayetoa urefu wa mwanzo kwenye urefu wa mwisho atapata ongezeko la 29 kwa ndoo zisizo na mbolea, 46 kwa samadi ya ng’ombe, 52 kwa samadi ya kuku, 54 kwa urea kidogo na 15 kwa urea nyingi. Mtego ni wa haki kwa sababu habari yote iko wazi mbele ya mtahiniwa. Usingekuwa wa haki kama tofauti hiyo ingefichwa katika maelezo yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa.

Safu ya mwisho, ya mfupi kabisa na mrefu kabisa, ndiyo inayosahaulika zaidi katika mitihani, nayo ndiyo inayolipa swali la hitimisho uzito wake. Wastani peke yake humshawishi msomaji kwamba 54 ni zaidi ya 52 na mambo yameisha. Lakini miche ya samadi ya kuku ilienea kutoka sentimita 55 hadi 74, na ya urea kidogo kutoka 60 hadi 71. Makundi hayo mawili yanaingiliana karibu kabisa. Maingiliano hayathibitishi kwamba tofauti haipo. Yanamzuia tu mtu kuidai kwa uhakika akiwa na miche 10 kwa kila kundi. Ukilinganisha na ndoo zisizo na mbolea, hali ni nyingine: mche mfupi kabisa wa samadi ya kuku, sentimita 55, unaupita mche mrefu kabisa usio na mbolea, sentimita 47. Hapo mtahiniwa ana haki ya kusema kwa sauti kamili kwamba kundi moja lilikua kuliko jingine.

Vifungu vya swali vinaweza sasa kuandikwa. Cha kwanza, alama 2, kinataka ongezeko la urefu la kila kundi likokotolewe. Ni hesabu ya kutoa tu, na kazi yake ni kumwingiza mtahiniwa ndani ya jedwali kabla ya kuulizwa jambo la kufikiri. Mwongozo wa kusahihisha useme mapema kwamba aliyekosea hapa, kisha akaitumia tarakimu yake kwa usahihi mbele, haadhibiwi mara ya pili.

Kifungu cha pili, alama 3, kinasomeka hivi: “Kwa kutumia tarakimu za jedwali, toa hitimisho kuhusu kiasi cha urea na ukuaji wa miche hii.” Maneno “kwa kutumia tarakimu za jedwali” yanamwambia mtahiniwa jibu litoke wapi, na maneno “miche hii” yanamwekea mpaka. Alama moja ni ya kuonyesha kwamba gramu 2 ziliongeza ukuaji kutoka 29 hadi 54. Ya pili ni ya kuonyesha kwamba gramu 10 ziliushusha hadi 15, chini hata ya ndoo zisizo na mbolea. Ya tatu ni ya kuyaunganisha hayo: kiasi kidogo kilisaidia, kiasi kikubwa kilidhuru. Mtahiniwa anayenakili tarakimu zote bila kuziunganisha anapata mbili tu, kwa kuwa ameeleza alichokiona na hajahitimisha. Na anayeandika kwamba “gramu 2 ndicho kiasi bora cha urea” hapewi alama kwa sentensi hiyo. Hakuna ndoo iliyowekwa gramu 1, wala 3, wala 5, kwa hiyo kiasi bora kinaweza kuwa popote ambapo jaribio halikufika.

Kifungu cha tatu, alama 4, ndicho moyo wa swali. Kinampa mtahiniwa kauli ya mtu mwingine: “Mwanafunzi mmoja alisema kwamba samadi ya kuku ndiyo mbolea bora kuliko zote kwa mahindi. Jadili kama jedwali linaunga mkono kauli hiyo.” Kauli iliyo nusu sahihi huleta majibu mazuri kuliko kauli ya uongo mtupu, ambayo huvuta neno “hapana” bila fikra. Upande wa kuunga mkono, wastani wa mwisho wa 67 ni mkubwa kuliko wote, na samadi hiyo imeishinda wazi hali ya kukosa mbolea. Upande wa kupinga, ongezeko lake ni dogo kuliko la urea kidogo, na miche ya makundi hayo inaingiliana. Kilichopimwa tena ni urefu katika wiki 6, si magunzi wala uzito wa punje, na mkulima hali urefu.

Kuna pingamizi la ndani zaidi ambalo mwongozo ulikubali kwa furaha likitokea. Gramu 200 za samadi na gramu 2 za urea si vipimo vinavyolingana. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo gramu 2 hutoa karibu gramu 0.9 za naitrojeni. Samadi ina asilimia ndogo sana, inayobadilika kufuatana na chakula cha mnyama na jinsi ilivyohifadhiwa, na sehemu kubwa ya naitrojeni yake hutoka polepole kadiri vijidudu vya udongo vinavyoiozesha. Kwa hiyo jedwali linalinganisha ndoo zilivyotendewa, na haliwezi kuamua ipi kati ya mbolea hizo ni bora kwa jumla.

Kifungu cha mwisho, alama 3, kinauliza kwa nini urea nyingi ilidumaza miche. Wakulima husema urea “inaunguza”, na swali linataka chanzo cha kuungua huko. Urea na chumvi zitokanazo nayo zikizidi katika maji ya udongo, maji hayaingii tena kwenye mizizi kwa urahisi na yanaweza hata kutoka ndani ya mizizi kwa osmosisi. Amonia inayotokea urea inapovunjika nayo huumiza mizizi michanga. Jibu hili halimo katika jedwali, ndiyo maana limetengwa na kupewa kifungu chake. Likichanganywa na kifungu cha hitimisho, msahihishaji atajikuta akimpa alama mtu aliyekariri osmosisi lakini asiyeweza kusoma safu mbili za tarakimu.

Swali likishaandikwa hujaribiwa kwa kulifunika jedwali. Mtu anayejua biolojia, asiye mtunzi, huombwa ajibu vifungu vyote jedwali likiwa limefichwa. Akipata alama zaidi ya moja katika kifungu cha pili au cha tatu, maneno ya kifungu hicho au mwongozo wake yana tundu na huandikwa upya. Jaribio la pili hufanywa na wanafunzi wachache wa kiwango kinachokusudiwa, na hapo mtunzi huyasoma majibu yaliyokosewa kwa makini kuliko yaliyopatikana. Wengi wakikosa ongezeko la urefu, huenda kichwa cha safu hakieleweki au kipimo cha sentimita hakikuandikwa. Wakiandika wote kwamba samadi ya kuku ilishinda, na kati yao wamo wanafunzi hodari, basi tofauti ya sentimita 12 na 15 haijaonekana. Dawa yake ni kuisogeza safu ya mwanzoni karibu na ile ya mwisho, au kuifanya miche hiyo ianze na sentimita 18 na ifikie 70, ili ongezeko libaki 52 na maingiliano yarekebishwe kuendana na urefu mpya.