Aya ndani ya khutba: lini tumwazime Sheikh Farsy, lini tutafsiri wenyewe

Kila Ijumaa, khutba ya pili ikielekea mwisho, makhatibu wengi wa Tanga, Pangani na Mkinga huisoma aya ya 90 ya Sura an-Nahl. Ni aya inayoamrisha mambo matatu, uadilifu, hisani na kuwapa jamaa wa karibu, kisha ikakataza matatu, uchafu, uovu na dhuluma. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, kusoma aya ya Kurani katika moja ya khutba mbili ni nguzo, kwa hiyo hakuna khutba ya Kiarabu isiyokuwa na maneno ya Kurani ndani yake. Anayeifasiri khutba hiyo kwa Kiswahili, awe mjukuu aliyerithi karatasi za babu yake au mwalimu wa madrasa anayetaka kuchapa kijitabu, hukutana mapema na swali hili: aya aifasiri mwenyewe, au achukue tafsiri iliyokwisha kuchapwa?

Tafsiri zilizochapwa zipo, na kila moja ina mwenyewe. Ya kwanza kamili ilitoka mwaka 1923, kazi ya Godfrey Dale, padri wa misheni ya UMCA ambaye mwaka 1896 alikuwa amechapisha maelezo juu ya mila za Wabondei. Mwaka 1953 Waahmadiyya walitoa yao chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Mwaka 1969 ikatoka Nairobi Qurani Takatifu ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambayo kwa Masunni wengi wa pwani ndiyo iliyozoeleka masikioni. Baadaye, mwaka 1995, ikaja ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani. Msomaji wa Pangani akikuta aya kwa maneno ya Farsy huitambua palepale. Hiyo ni faida kubwa, kwa sababu hatakuwa na haja ya kujiuliza kama mfasiri ameongeza lake.

Kwa aya ile ya 90, basi, jibu ni jepesi. Khatibu ameisoma yote, tena kama maneno ya Mwenyezi Mungu. Hakuna haja ya mfasiri wa khutba kushindana na mwanachuoni aliyeifasiri Kurani nzima. Achukue tafsiri moja, aiweke kati ya alama za kunukuu, na kwenye tanbihi ataje jina la sura, namba ya aya na jina la mfasiri. Asichanganye nusu ya Farsy na nusu ya Barwani, na akibadili hata neno moja aseme amelibadili. Namba nayo aiangalie. Chapa za Waahmadiyya huihesabu Bismillahi ya mwanzo wa sura kuwa aya ya kwanza, kwa hiyo aya ya 90 huko huwa ya 91, na msomaji asiyelijua hilo atadhani amepotezwa.

Ugumu unaanza kwenye sentensi zinazofuata. Baada ya aya hiyo, khatibu huendelea bila kuvuta pumzi: anawaambia watu wamkumbuke Mwenyezi Mungu naye atawakumbuka, wamshukuru kwa neema zake naye atawazidishia. Sikio lililozoea Kurani litasema kwamba hizi nazo ni aya. Mfasiri akilitafuta neno la kukumbuka katika faharasa ya Kurani ya Muhammad Fuad Abdul-Baqi, iliyopangwa kwa mashina ya maneno, ataongozwa hadi Sura al-Baqara, aya ya 152. La kushukuru litampeleka Sura Ibrahim, aya ya 7. Hapo ndipo wengi hunakili tafsiri iliyochapwa na kuibandika.

Lakini tazama nani anasema. Katika al-Baqara msemaji ni Mwenyezi Mungu mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza: mimi nikumbukeni, nami nitawakumbuka. Kwenye mimbari msemaji ni khatibu, naye amezigeuza nafsi ili aseme juu ya Mola wake. Katika Ibrahim kuna ahadi yenye sharti, kwamba mkishukuru mtazidishiwa, ilhali khatibu ameifanya amri. Tafsiri iliyochapwa ikiwekwa hapo, ghafla khatibu atasikika akinena kwa nafsi ya Mungu katikati ya maneno yake mwenyewe. Kosa hili halihitaji Kiarabu kingi kulitambua, kwani ukiona nafsi imeruka kutoka “yeye” hadi “mimi” bila khatibu kutanguliza kwamba Mwenyezi Mungu amesema, jua mfasiri amebandika.

Wanabalagha wa Kiarabu huiita desturi hii iktibasi: msemaji huchota maneno ya Kurani na kuyasuka ndani ya usemi wake bila kutangaza. Anaruhusiwa kuyageuza kidogo, na mara nyingi huyapa kazi mpya. Hapa mfasiri hana budi kutafsiri upya, kwa kufuata maneno ya khatibu na wala si ya msahafu. Asitie alama za kunukuu, na kwenye tanbihi aandike “linganisha”, kisha sura na aya. Hivyo msomaji ataiona Kurani ilipo, wala hataambiwa kwamba imenukuliwa wakati haikunukuliwa.

Katika barua, iktibasi hufichika zaidi. Chukua barua ya taazia ya Kiarabu ambamo mwandishi, baada ya salamu na dua kwa marehemu, anaweka maneno mawili tu: sabrun jamil, yaani subira njema. Maneno hayo yamo katika Sura Yusuf, aya ya 18 na ya 83, nayo ni ya Nabii Yaakub alipoletewa habari za wanawe. Kwa Kiarabu sentensi hiyo imeachwa pungufu, na wafasiri wa Kurani wameijazia kwa njia mbili: ama Yaakub anasema kwamba shauri lake ni subira njema, ama anasema kwamba subira njema ndiyo bora. Tafsiri ikifuata njia ya kwanza humtia Yaakub mwenyewe ndani ya sentensi, na katika kisa chake ni sahihi kabisa. Katika barua, aliyefiwa ni anayeandikiwa. Ukimnakilia nafsi ya kwanza, mwandishi ataonekana anajiliwaza mwenyewe. Afadhali kuyaacha maneno yawe mafupi kama alivyoyaacha: “Basi ni subira njema.”

Lipo jambo moja linalotangulia yote haya, nalo linaigusa Tanga hasa. Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy wa Tanga, aliyefariki mwaka 1957, aliandika kwa Kiswahili juu ya mirathi na nikahi kabla ya tafsiri ya Farsy kukamilika. Masheikh wa zama zake walipohitaji aya kwa Kiswahili, mara nyingi waliifasiri wenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kufungua msahafu wowote uliofasiriwa, tafuta kama mwenye khutba ameacha maandishi mengine ya Kiswahili yenye aya hiyohiyo. Yakiwepo, maneno yake yanatangulia ya Farsy na yako, kwa sababu yanaonyesha alivyoielewa aya aliyoisomea watu.

Vivyo hivyo kama khatibu ameisoma aya nzima kisha akaieleza. Ikiwa maelezo yake yamesimama juu ya maana moja na tafsiri iliyochapwa imechagua nyingine, waumini watasoma aya inayosema hili na sheikh anayeeleza lile. Hapo mfasiri ana haki ya kutafsiri upya, na kwenye tanbihi ataje kwamba Farsy au Barwani wameifasiri vingine. Tafsiri za wanavyuoni tuziheshimu kwa kuzinukuu kamili zinapofaa, na kutozisemesha mahali ambapo khatibu alikuwa anasema kwa ulimi wake.