Hoteli imejaa, pesa ziko wapi?

Mtalii anafika Moshi tarehe 3, analala hotelini usiku mmoja, asubuhi anaondoka kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Begi lake kubwa linabaki stoo. Jioni ya tarehe 10 anarudi ana vumbi hadi masikioni, anaoga, analala, na tarehe 11 anaondoka. Kitabu cha mapokezi kinasema aliingia tarehe 3 na kutoka tarehe 11. Kwa kukisoma hivyo, hoteli imeuza usiku 8. Aliyelala shuka anajua ni 2 tu.

Hapo ndipo hesabu za hoteli nyingi ndogo zinapoharibikia, kabla hata kikokotoo hakijaguswa. Kinachohesabiwa ni chumba kwa usiku mmoja. Mke na mume wanajaza mistari miwili kitabuni, lakini ni chumba kimoja. Anayeondoka leo asubuhi jina lake bado lipo kwenye ukurasa wa leo, lakini usiku wa leo halali hapo. Yule mpanda mlima aandikwe mara mbili: kuingia 3, kutoka 4, kisha kuingia 10, kutoka 11. Kama kumbukumbu ziko kwenye Excel, mstari mmoja kwa kila chumba, tarehe ya kuingia ikiwa safu B, ya kutoka safu C na usiku unaoutaka F2, fomula ni hii:

```
=COUNTIFS(B:B,"<="&F2,C:C,">"&F2)
```

Alama ya `>` upande wa kutoka isiwekewe `=`. Ukiiweka, kila anayeondoka anahesabiwa usiku mmoja wa ziada.

Sasa tuchukue hoteli ya mfano yenye vyumba 20. Mgeni wa chumba cha watu wawili analipa shilingi 118,000, chai ya asubuhi ikiwemo. Zote si pesa za chumba. VAT ya asilimia 18 inachukua 18,000, na chai ya watu wawili tuiwekee 20,000, ambayo ni mapato ya jikoni. Chumba kimeingiza 80,000.

Ijumaa vyumba 14 vimeuzwa kwa bei hiyo. Gawanya 14 kwa 20: asilimia 70 ya vyumba vimelaliwa. Mapato ya vyumba ni 1,120,000. Ukigawanya kwa vyumba 14 vilivyouzwa, bei ya wastani ni 80,000. Ukigawanya pesa hizo hizo kwa vyumba vyote 20, vilivyolaliwa na vilivyobaki vitupu, unapata 56,000, yaani mapato kwa kila chumba kilichopo.

Jumamosi wakala analeta kundi, anabanana na meneja hadi bei, baada ya kodi na chai, inashuka kuwa 55,000. Vyumba 19 vinajaa. Asilimia 95! Mapokezi kuna shangwe, begi juu ya begi. Lakini 19 mara 55,000 ni 1,045,000, na kwa kila chumba kilichopo ni 52,250. Vyumba vitano zaidi vimefuliwa shuka, vimetumia maji ya moto na sabuni, na bado mauzo yamepungua kwa shilingi 75,000 kuliko Ijumaa. Meneja anayetangaza asilimia peke yake hadanganyi. Ameficha tu nusu ya habari.

Siku hizo mbili ukizijumlisha, angalia usiteleze. Wastani wa 80,000 na 55,000 ni 67,500, ila hiyo siyo bei ya wastani, kwa sababu vyumba vya bei ndogo vilikuwa vingi zaidi. Rudi kwenye jumla: 2,165,000 kwa vyumba 33, ni kama 65,600. Kwa mwezi mzima ni vilevile: jumlisha pesa zote, jumlisha vyumba vyote, ndipo ugawanye.

Kuna ujanja mmoja wa kuangalia. Tuseme Ijumaa bomba limepasuka na vyumba viwili havilaliki. Mtu anagawanya 14 kwa 18, anapata karibu asilimia 78, na mapato kwa chumba yanaruka hadi kama 62,200. Bomba limepasuka, biashara imepanda! Mwongozo wa hesabu za hoteli ulioanzia New York mwaka 1926, unaofuatwa na hoteli nyingi kubwa, unakibakiza chumba kibovu cha muda mfupi kwenye hesabu. Ndivyo inavyofaa, maana mkopo na mshahara wa mlinzi havipungui kwa sababu fundi bomba amechelewa.

Hata 56,000 ile haioni gharama. Mei, masika yakiwa yamewafukuza wapanda mlima, kundi la 55,000 linaweza kuwa neema, mradi kumfulia, kumsafishia na kumpashia maji mgeni mmoja zaidi kunagharimu chini ya hapo. Julai, wateja wa 118,000 wakiwa njiani, kundi lile lile linawafungia mlango.